Kumwamkia mzee aliye chini yako kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana waliopandishwa cheo mapema: wakuu wa vitengo, walimu wakuu wapya, wasimamizi wa zamu, wahasibu wa miaka 27 wenye wahudumu wa miaka 58. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye ofisi ya wilaya, Tanzania bara, nikisimamia madereva walioanza kuendesha magari ya serikali kabla sijazaliwa. Kwa hiyo majibu mengi ni ya bara. Zanzibar na Kenya nimezigusa mwishoni.

## Mambo ya msingi

Mimi ndiye bosi, yeye ni dereva wangu lakini ana umri wa baba yangu. Nani aanze kusalimu?

Wewe. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwa umri kwenda kwa mkubwa, na cheo hakiigeuzi. Cheo kina mahali pake: nani anasaini ruhusa ya safari, nani anapanga zamu, nani anakaa kiti cha mbele kwenye kikao. Salamu ya asubuhi haimo humo.

Mzee anajua vizuri sana kwamba wewe ndiye bosi. Hahitaji kukumbushwa saa moja na nusu asubuhi. Anachokitazama ni kama umelelewa.

Kumwamkia mtu ninayemsimamia hakunishushi?

Hofu hii wanayo zaidi waliopanda cheo mwezi uliopita. Waliokaa kwenye cheo miaka kumi hawaulizi. Ukweli ni kwamba wafanyakazi wengine wanakutazama wakati unamsalimu mzee, na hukumu yao ni ya haraka: "huyu kijana ana adabu" au "huyu cheo kimempanda kichwani". Hukumu ya pili ikishatoka, itakuchukua miezi kuifuta.

Wapo pia wanaosema shikamoo ni salamu ya utumwa, kwa sababu asili yake huelezwa kuwa "nashika miguu yako". Asili ndiyo hiyo. Lakini leo mwanafunzi humwamkia mwalimu, mkwe humwamkia mkwewe na waziri humwamkia bibi kijijini, na hakuna kati yao anayewaza miguu ya mtu. Kama una msimamo wa dini au wa nafsi usiokuruhusu kuitamka, tafuta salamu nyingine yenye uzito kama huo, wala usiache pengo.

Tofauti ya umri iwe kiasi gani ndipo nimwamkie?

Hakuna namba iliyoandikwa. Kipimo wanachotumia wengi ni cha familia: angeweza kuwa mzazi wako, mjomba, shangazi, au kaka na dada mkubwa sana? Mwamkie. Miaka mitatu au minne ni rika lenu, na "habari za asubuhi" inatosha. Katikati hapo, miaka saba, minane, kumi, fuata desturi ya ofisi na uangalie uso wake. Ukikosea kwa kumwamkia asiyestahili, mtacheka. Ukikosea kwa kutomwamkia anayestahili, hamtacheka.

Kuna upande wa pili wa kukosea, wa wasiopenda kuzeeshwa. Huo una swali lake chini, la mama anayekataa shikamoo.

Kwa nini "habari za asubuhi" pekee isitoshe?

Kwa sababu "habari" ni salamu ya watu walio sawa. Ukimwambia mzee "habari yako" kavukavu, ukiwa unapita, amesikia kwamba umemweka kwenye rika lako au chini yake. "Mambo" na "vipi" ndio usiziguse kabisa, hata kama yeye hukutania nazo.

Utaratibu wa kawaida ni shikamoo kwanza, usubiri marahaba, ndipo uulize: "Za nyumbani, mzee? Umeamkaje?" Kusubiri ni sehemu ya salamu. Wengi huitupa shikamoo wakiwa wanatembea, marahaba ikatoka nyuma ya mgongo wao. Simama. Ni sekunde tano.

## Akikutangulia yeye

Mzee amenitangulia: "Shikamoo bosi." Nijibu nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonigharimu mimi.

Usijibu marahaba. Marahaba ni neno la mkubwa kuipokea salamu ya mdogo. Ukilitamka, umekubali mbele ya watu kwamba cheo kimekufanya mkubwa wake kwa umri. Irudishe salamu mahali pake, haraka, kwa sauti ya kawaida na tabasamu: "Aa, mzee, shikamoo mimi hapa!" au "Hapana baba, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo." Atajibu marahaba, mara nyingi kwa kicheko, na siku itaendelea.

Kwa nini mzee anatangulia? Sababu ni nyingi na hazifanani. Wengine wamezoea mabosi waliotaka kuamkiwa. Wengine wanaogopa kazi yao, hasa vibarua na wa mikataba mifupi. Wengine wanakupima. Na wapo wanaokukejeli, ambao utawajua kwa namna wanavyoivuta "boosi" na kuwaangalia wenzao pembeni. Dawa ya wote ni moja, kwa hiyo usijisumbue kuchunguza nia.

Mimi asubuhi yangu ya tatu kazini niliingia yadi nikiwa na simu sikioni. Dereva mkubwa kuliko wote, mtu wa miaka 56, alikuwa ameinama akipima oili ya Landikruza, kijiti cha kupimia mkononi na kitambaa begani. Akanyooka, akafuta mkono: "Shikamoo bosi." Nikasema "Marahaba" na kuendelea na simu yangu. Madereva wawili waliokuwa wanapiga soga kwenye benchi wakanyamaza. Yeye akarudisha kijiti mahali pake, taratibu sana, akafunga boneti.

Hakuna aliyeninunia. Mzee alifanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, kwa sababu alianza kufanya *nilichosema tu*. Wiki mbili baadaye nilimtuma kata ya mbali, kupitia njia ya korongo. Akajibu, "Sawa bosi." Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, korongo limejaa, na gari lilikaa ng'ambo hadi kesho yake mchana. Nilipomuuliza kama hakujua kwamba njia ile hufunga, akasema, "Nilijua, bosi. Ila ulisema nipite huko."

Mzee aliyevunjiwa heshima hagomi. Anakutii neno kwa neno na kubaki na ujuzi wake kichwani. Ukiona mzee mzoefu ameacha kukwambia "lakini" na "labda tungefanya hivi", rudi nyuma uangalie salamu zako.

Nimeshajibu marahaba. Nirekebishe vipi?

Kama ni leo, rekebisha leo. Mfuate alipo, usimwite ofisini kwako, na useme kwa ufupi: "Mzee, shikamoo. Asubuhi nilikuwa na haraka, sikukusalimu vizuri." Basi. Usitoe hotuba, maana ukilikuza jambo unamlazimisha yeye akufariji wewe.

Kama zimepita wiki, kama mimi, mpitie mtu wa rika lake. Nilimwendea karani wa masijala, mama aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, nikamweleza. Hakuniuliza mengi. Siku iliyofuata tulikwenda wote hadi yadi saa moja, kabla wengine hawajafika. Mimi nikaamkia, mama akasema, "Huyu mtoto amekuja kuomba radhi, alikuwa bado mgeni." Mzee akajibu, "Mbona yalishaisha." Hayakuwa yameisha. Yaliisha pale, na kesho yake akanipigia simu kuniambia tairi la akiba la gari la pili halina upepo.

Mwenzake wa rika anasaidia kwa sababu anampa mzee nafasi ya kusamehe bila kuonekana kwamba ameshinda wala ameshindwa na bosi wake.

Nimerudisha salamu mara kumi, bado kila siku ananiamkia yeye. Nifanye nini?

Mtangulie. Mwone akiwa mita ishirini na uanze wewe. Wazee wengi wataacha ndani ya wiki.

Asipoacha, kaa naye faraghani umwambie wazi kwamba unajisikia vibaya kuamkiwa na mtu wa umri wa baba yako, na kwamba akikusalimu "habari za asubuhi bosi" heshima yako itakuwa imetimia. Hiyo inampa neno mbadala. Mara nyingi ang'ang'aniaye anatafuta tu namna ya kukutambua kama mkuu wake, na hajui atumie neno gani lingine. Ukimpa, anashukuru.

## Baada ya salamu ya asubuhi

Nimemwamkia asubuhi. Tukikutana tena mchana, niamkie upya?

Hapana. Shikamoo moja kwa siku inatosha. Baada ya hapo ni "Pole na kazi, mzee", "Za tangu asubuhi?", au kuinamisha kichwa tu mkipishana kwenye korido. Kurudiarudia shikamoo kila mnapoonana kunaanza kusikika kama dhihaka.

Ila akitoka safari au likizo, hata ya siku mbili, anza upya na umuulize habari za huko.

Nimwiteje?

Kamwe si jina la kwanza peke yake. "Mzee" pamoja na jina la ukoo, "Mama" pamoja na jina la mwanawe (Mama Neema), "Baba", "Mwalimu" kwa aliyewahi kufundisha, "Fundi" kwa fundi. Anavyoitwa na watu wote ofisini ndivyo umwite na wewe.

Yeye atakuita bosi, mkuu, kiongozi, au "kijana wangu". Hilo la mwisho huwaudhi baadhi ya wakuu wapya. Mkiwa wawili au na wenzenu, lipokee, ni la upendo. Mbele ya wageni wa nje au wakaguzi linaweza kuleta mkanganyiko kuhusu nani ni nani, na hapo utamwomba kabla, mkiwa peke yenu: "Mzee, leo tukiwa na wageni nisaidie, niite Mkuu wa Kitengo." Atafanya, na atalitamka kwa madaha kuliko unavyotaka.

Na mkono? Ninyooshe au nisubiri?

Subiri anyooshe yeye. Akinyoosha, shika kwa wote wawili, au shika kwa wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko chako mwenyewe, na uinamishe kichwa kidogo. Usimpe mkono ukiwa umekaa nyuma ya meza, simama. Fundi au mpishi mwenye mikono michafu atakupa kifundo cha mkono. Shika hicho hicho, usirudishe wako nyuma.

Kwa watu wa jinsia tofauti kuna wanaojizuia kwa sababu za dini. Akiweka kiganja kifuani, fanya hivyo hivyo.

Naingia kwenye kikao chenye wazee watatu na vijana kumi. Nisalimu vipi?

Ukiingia, kabla hujakaa: "Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za asubuhi." Sentensi mbili, kila mtu amepata chake. Ukifungua kikao rasmi unaendesha kwa cheo chako, bila kurudia salamu, na unawapa wazee nafasi ya kuzungumza kwa zamu kama wengine. Sioni haja ya kuwaanza wao kila mara kwa sababu ya umri. Mzee wa stoo hataki kuulizwa wa kwanza kuhusu mfumo mpya wa malipo.

Naweza kumtuma?

Kazi iliyo kwenye majukumu yake, ndiyo, bila kusitasita. Dereva aendeshe, mhudumu apeleke barua. Kinachobadilika ni umbo la sentensi. "Lete faili la manunuzi" inasikika kama unamwamuru mtoto. "Mzee, naomba uniletee faili la manunuzi" au "Nisaidie faili la manunuzi, baba" ni amri ile ile, na wote wawili mnajua ni amri.

Vocha, chipsi, sigara, nguo za dobi, hapana. Hizo si kazi zake, na mzee akitumwa dukani na kijana, mtaa mzima unaona. Mtume kijana mwenzako, au nenda mwenyewe.

## Kazi inapokuwa ngumu

Nitamwonyaje mtu ambaye nimetoka kumwamkia asubuhi?

Kwa maneno yale yale utakayotumia kwa mwingine, ila kwa mpangilio tofauti. Chukua mfano wa mafuta, kwa kuwa ndio ugomvi wa kila yadi.

Logibuku inaonyesha gari limetembea kilomita 420 kwa wiki. Gari hilo, kwa barabara zenu, linakwenda kilomita 8 kwa lita. Ina maana lita 52 na nusu. Risiti za kituo zinaonyesha lita 80. Mshale wa mafuta Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni ulikuwa mahali pamoja. Zimebaki lita 27 na ushei zisizo na maelezo.

Kwanza, usilitaje jambo hili yadi wala usimtume mtu mwingine kumwita kwa sauti. Mwambie mwenyewe, kimya: "Mzee, ukipata nafasi baada ya chai, pita ofisini." Akiingia, simama, mwamkie kama hamjaonana siku hiyo, mpe kiti, na kama unaweza toka nyuma ya meza ukae upande mmoja naye. Uliza za nyumbani, na usikilize jibu.

Kisha ugeuze ukurasa kwa neno ambalo kila mtu mzima analielewa: "Mzee, leo nimekuita kikazi." Sentensi hiyo inafunga mlango wa salamu na kufungua wa cheo. Kuanzia hapo usichanganye tena. Weka logibuku na risiti mbele yake, msomee namba, uliza: "Hizi lita 27 zimekwendaje?" Halafu nyamaza. Makosa ya vijana wengi yako hapa: wanaona aibu ya ukimya, wanamjibia wenyewe, "labda foleni, labda injini imechoka", na mzee anaitikia tu.

Anaweza kuwa na maelezo halali. Mimi niliwahi kukuta gari limetumika kama jenereta, yaani limesimama linaunguruma saa nyingi usiku ili kuwasha friji la chanjo kwenye zahanati iliyokatikiwa umeme, na hakuna aliyeandika. Anaweza pia asiwe nayo. Kama hana, sema kinachofuata bila kupamba: onyo, maandishi, au hatua nyingine kwa mujibu wa taratibu zenu. Mkimaliza, simama tena, mshukuru kwa kuja, msindikize mlangoni. Kesho asubuhi mwamkie kama kawaida, *hasa* kesho asubuhi. Ukiacha kumwamkia baada ya kumwonya, umegeuza onyo la kazi kuwa ugomvi wa nyumbani.

Akianza kunijibu kwa umri wake? "Mimi ni mkubwa wako, usinifundishe."

Usishindane naye kwenye umri, atakushinda. Kubali hilo na urudi kwenye karatasi: "Ni kweli wewe ni mkubwa wangu, baba, na ndiyo maana nimefunga mlango. Ila risiti hizi nazisaini mimi, na mkaguzi ataniuliza mimi."

Akiendelea siku nyingi, mfuate mzee mwenzake kabla ya kufuata sheria, kama ilivyoelezwa kwenye kurekebisha marahaba. Isipofaa, taratibu zifuate mkondo. Kwa sekta binafsi Tanzania bara, kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinampa mfanyakazi angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Mpe yote, tena kwa adabu. Na kumbuka sheria hiyo ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri: huwezi kumwonea kwa uzee wake, na uzee si kinga ya kosa.

Kwenye barua ya kikazi niandike shikamoo?

Hapana. Barua rasmi haina mdogo wala mkubwa kwa umri. Ni "Ndugu", jina, kumbukumbu namba, "Yah:" na hoja. Ila barua ya onyo kwa mzee usimtume mtu aitupe mezani kwake. Mkabidhi mkononi.

## Hali zisizo za kawaida

Mlinzi wa getini ni mzee, ananipigia saluti. Nimjibuje?

Saluti inafuata cheo na sare, kwa hiyo usimzuie, ni kazi yake na anaifanya kwa fahari. Itambue kwa kuinamisha kichwa, shusha kioo cha gari, halafu: "Shikamoo mzee." Vitu viwili havigombani. Ndani ya majeshi yenyewe mambo ni mengine: penye gwaride na amri, "jambo afande" hupanda kufuata nyota, na umri husubiri hadi watu wavue kofia.

Mama mmoja wa masijala anakataa shikamoo: "Unanizeesha!"

Muulize anapenda asalimiwe vipi, na umfuate. Wengine wanasema hivyo kwa utani wakitaka uamkie kwa mara ya pili ili wajibu kwa madoido. Utajua siku ukiacha kweli: akinuna, ulikuwa utani.

Mzee ni mtani wangu wa kabila.

Mchaga na Mpare, Msukuma na Mzaramo, hao wana ruhusa ya kutukanana hadi msibani. Lakini utani haufuti shikamoo, unaifuata. Mwamkie kwanza, mtaniane baadaye. Na usitumie utani kumwambia kosa la kazi, kwa sababu atakujibu kwa utani na hapo hutakuwa na pa kushikia.

Zanzibar na Kenya ni hivyo hivyo?

Zanzibar na mwambao kwa jumla shikamoo ina nguvu zote, ila mara nyingi hutanguliwa na "Assalaam aleikum", ambayo mkubwa au mdogo anaweza kuianza. Ukitoa salamu hiyo kwanza kisha shikamoo, umekamilisha.

Kenya bara shikamoo haijakaa maofisini kama Tanzania. Wengi waliisikia shuleni au Mombasa. Mtanzania anayepelekwa kusimamia ofisi Nairobi na kuwaamkia wazee atapendwa, wakati mwingine atachekwa kidogo. Huko uzito wa heshima unabebwa zaidi na "Mzee" na "Mama" mbele ya jina, kusimama, na kushika mkono. "Habari ya asubuhi, Mzee" ikitamkwa kwa utulivu inatosha.

Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi niwasalimu vipi?

Kama kwenye kikao, sentensi mbili zile zile. Usiandike "Shkm". Wazee wanaisoma, na wanaichukia.

Amestaafu. Sasa si mfanyakazi wangu tena. Kuna kinachobadilika?

Kwa upande wako hapana. Kwa upande wake, ndiyo. Mzee wangu wa yadi alistaafu alipofikisha miaka 60, na miezi kadhaa baadaye alikuja ofisini kufuatilia karatasi za mafao yake. Nilimkuta kwenye benchi la wageni, kofia magotini, bahasha ya khaki pembeni. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akanitazama tangu viatu. "We kijana, umekonda. Hawa wanakulisha kweli?"

Miaka minne alikuwa ananiita bosi.